Nywele baada ya mionzi ya kichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha tiba ya mionzi. Swali hili hunikuta mlangoni, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshikilia fundo la nywele alilolikuta kwenye mto asubuhi ile: "Sista, hizi zitarudi?" Majibu hapa chini yanawahusu waliopigwa mionzi ya kichwa kutoka nje ya mwili, iwe kwa uvimbe wa ubongo, uvimbe wa utando wa ubongo, au saratani iliyohamia kichwani kutoka sehemu nyingine.

Kwa nini nywele hazinyonyoki siku ileile ya kwanza?

Kwa sababu mionzi haikati unywele unaouona. Inapiga chembe zilizo chini kabisa ya mzizi, zile zinazogawanyika usiku na mchana kutengeneza unywele mpya. Kichwani, takriban nywele 85 hadi 90 katika kila 100 ziko katika hatua ya kukua wakati wowote ule, ndiyo maana kichwa huumia haraka. Kiwanda kikisimama, unywele uliokwisha kutengenezwa huendelea kukaa mahali pake kwa muda, lakini chini umekonda na haushikiliwi tena na kitu. Baada ya wiki mbili au tatu tangu kipindi cha kwanza, kitana kikipita unakuja wenyewe.

Jambo hili lilionekana mapema kuliko tiba yenyewe. Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Röntgen kutangaza eksirei, profesa John Daniel wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani alijaribu kupiga picha ya kichwa cha mwenzake, William Dudley. Siku 21 baadaye nywele za Dudley zikaanguka pale mashine ilipoelekezwa. Wagonjwa wetu bado wanaifuata hesabu ile. Ukiambiwa unaanza Jumatatu, hesabu wiki tatu mbele, na uwe na kilemba au kofia yako tayari kabla ya hapo.

Zitanyonyoka zote?

Zinanyonyoka pale miale inapoingilia na pale inapotokea upande wa pili, basi. Anayetibiwa kichwa kizima hupoteza karibu zote. Anayetibiwa eneo moja hupata mabaka, na wengi hushtuka wakiona baka la pili upande ambao hauna uvimbe. Hiyo siyo dalili kwamba ugonjwa umesambaa. Ni mlango wa kutokea. Nyusi, kope na ndevu nazo hufuata kanuni hiyohiyo: hazipotei isipokuwa miale imezipitia.

Nitajuaje kama zangu zitarudi?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, maana wengi huuliza swali lisilowasaidia. Huuliza, "Nimepewa mionzi kiasi gani?" na kujibiwa kiasi kilichopelekwa kwenye uvimbe, tuseme grei 54. Grei ndiyo kipimo cha mionzi. Kwenye faili utakiona kimeandikwa Gy. Lakini mizizi ya nywele haikai kwenye uvimbe. Inakaa milimita chache chini ya ngozi ya kichwa, na kiasi kilichofika hapo chaweza kuwa nusu ya kile cha uvimbe, robo yake, au karibu sawa nacho. Watu wawili wenye grei 54 kila mmoja, mmoja anarudisha nywele zote, mwingine anabaki na kipara cha ukubwa wa kiganja.

Swali linalofaa ni hili: "Ngozi ya kichwa changu, pale inapopata nyingi zaidi, itapata grei ngapi?" Siku hizi mpango wa tiba hutengenezwa kwenye kompyuta juu ya picha za CT, na mtaalamu wa fizikia anaweza kukuonyesha rangi zinazopita juu ya ngozi yako. Uliza kabla ya kuanza. Pale uvimbe unaporuhusu, wanaweza kuongeza pande za kuingilia ili ngozi ya sehemu moja isibebe mzigo wote, au kuiwekea ngozi ya kichwa kikomo chake kwenye mpango. Tiba ikishaanza nafasi hiyo hupungua sana.

Mpaka uko wapi kati ya kurudi na kutorudi?

Hakuna mstari mmoja unaomfaa kila mtu, ila kuna eneo linalojulikana. Chini kabisa, kiasi cha grei 3 hivi kwa mara moja kinatosha kunyonyoa nywele, na hurudi. Kwa tiba iliyogawanywa siku hadi siku, watafiti wa Marekani mwaka 2004 walikadiria kwamba mizizi ikikusanya grei 43, nusu ya wagonjwa hubaki na upungufu wa kudumu. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 uliweka nusu hiyo kwenye grei 36 hivi kwa upungufu mkubwa unaodumu. Kwa hiyo mimi huwaambia wagonjwa: ngozi ikipata chini ya 20 au 25, tegemea kurudi; kati ya hapo na 35, tegemea kurudi kwa wepesi, pengine na mianya; kuanzia 40 kwenda juu, jiandae kwamba pale huenda pasiote tena.

Sababu ya tofauti hii ni kwamba kila mzizi una chembe mama zake, zimekaa juu kidogo ya kiwanda chenyewe, na ni ngumu kuliko chembe zinazogawanyika kila siku. Kiwanda kikifa chembe mama zikabaki, kiwanda hujengwa upya. Zikifa nazo, kishimo hujaa kovu na hapaoti kitu.

Dawa za saratani zikitolewa pamoja na mionzi husogeza mpaka huo chini. Kiasi cha kila siku nacho kina uzito wake: grei 30 kwa siku 10 si sawa kwa mzizi na grei 30 kwa siku 15, kwani kila pigo ni kubwa zaidi.

Aina ya mashine ina uhusiano wowote?

Ina uhusiano, na kwetu Afrika Mashariki hili ni la kujua, maana mashine za kobalti bado zinafanya kazi pamoja na zile za LINAC, zinazotengeneza miale kwa umeme. Miale ya kobalti hufikia nguvu yake kamili nusu sentimita tu chini ya ngozi, karibu palepale mizizi ya nywele ilipo. LINAC ya kawaida ya megavolti 6 hufikia kilele sentimita moja na nusu ndani, na ngozi inapitiwa na kiasi kidogo zaidi. Tofauti hiyo hupungua miale inapopita kwa mshazari ukingoni mwa kichwa, kwa sababu inasafiri ndani ya ngozi kwa urefu badala ya kuitoboa na kupita. Ndiyo maana aliyetibiwa kichwa kizima kwa miale ya kulia na kushoto mara nyingi huona utosi ukichelewa kuota, wakati pembeni kumeshajaa.

Hata hivyo, usikatae kobalti wala usisubiri miezi foleni ya LINAC kwa ajili ya nywele. Ukiwa na uvimbe kichwani, kuchelewa kuna gharama kubwa kuliko kipara.

Zikirudi, zinarudi lini?

Nywele za malaika huanza kuonekana miezi miwili hadi minne baada ya kipindi cha mwisho. Hesabu kuanzia mwisho wa tiba, siyo tangu siku ziliponyonyoka. Kwanza huja vinyoya laini, vyepesi kama vya mtoto mchanga, pengine vya rangi tofauti au vilivyonyooka kwa mtu aliyekuwa na kipilipili. Miezi sita wengi wana nywele za kufunika. Baada ya hapo huendelea kujaza polepole hadi mwaka.

Madaktari huanza kuita upungufu "wa kudumu" miezi sita ikipita. Mimi naona mwaka ni kipimo cha haki zaidi, maana nimewaona walioota mwezi wa tisa. Kisicho na dalili hata ya kinyoya baada ya mwaka mzima, mara chache huota chenyewe.

Nawezaje kutambua kwa macho?

Simama mlangoni penye mwanga wa jua la asubuhi, mtu akutazame ngozi kwa karibu, ikiwezekana akuze picha kwa simu. Ngozi yenye matumaini ina vitundu vidogo vidogo, kama ganda la chungwa, na kidole kikipita kinahisi ukwaruzo kidogo. Ngozi iliyofunga ni laini, inang'aa, vitundu havionekani, na pengine ina vimishipa vyembamba au mabaka meupe. Daktari wa ngozi ana kioo maalumu cha kuthibitisha hili bila kukata kitu.

Naomba mfano wa mtu aliyepitia.

Kuna mama wa miaka 46 niliyemhudumia; nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa na uvimbe wa utando wa ubongo juu ya sikio la kushoto, umeegemea fuvu kabisa. Alipangiwa grei 54 kwa vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Uvimbe ukiegemea fuvu, ngozi iliyo juu yake haina pa kujificha: mpango ulionyesha ngozi ile itapata grei 44 katikati, ikishuka hadi 30 pembezoni, na upande wa kulia, palipo mlango wa kutokea, grei 16.

Siku ya 19 alikuja na nywele ndani ya mtandio. Wiki ya nne ngozi ya kushoto ilikuwa nyeusi zaidi na inavuta. Wiki ya sita nyuma ya sikio palichubuka, pakatoa majimaji, pakapona wiki tatu baada ya kumaliza. Mwezi wa tatu upande wa kulia ulikuwa umeota vinyoya, kushoto bado. Mwezi wa sita kulia kulishajaa, kushoto kipara cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kinaliwa pembezoni na nywele mpya. Ulipofika mwaka kilibaki cha upana wa vidole vitatu, laini, kinang'aa katikati. Hakikujaza tena. Ukilinganisha na ule mpango, kila kitu kilikwenda ilivyoandikwa: 16 ikarudi yote, 30 ikarudi nyepesi, 44 ikabaki. Mama yule hakulia siku ya mwaka, kwa sababu aliijua namba yake tangu mwanzo. Anafunga kilemba chake kikiinama kidogo kushoto.

Nisuke au ninyoe kabla ya kuanza?

Fumua kabla ya siku ya kutengenezewa maski ya kushikilia kichwa kisicheze wakati wa mionzi. Ile maski ya plastiki hulainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa juu ya kichwa chako kilivyo siku hiyo. Ukija na rasta au wivingi halafu ukafumua wiki ya pili, maski inalegea, kichwa kinacheza ndani yake, na miale inakosa shabaha. Ukisuka baada ya kupimwa, maski inabana hadi haifungi. Zaidi ya hapo, fungu nene la nywele za bandia juu ya ngozi husogeza nguvu ya miale juu na kuiongezea ngozi mzigo.

Kunyoa si lazima. Ukitaka kupunguza, tumia mashine ya kunyolea, usitumie wembe. Wembe huacha vichubuko usivyoviona, na vichubuko hivyo huwa vidonda wiki ya nne.

Naruhusiwa kuosha kichwa?

Ndiyo, oga. Zamani wagonjwa walikatazwa maji hadi wamalize, na wapo wanaokatazwa hadi leo na ndugu zao. Kuosha kwa upole hakuongezi madhara. Uchafu na jasho la wiki sita ndivyo vinavyoleta shida. Maji ya vuguvugu, sabuni laini ya mtoto au shampuu isiyo na manukato, kwa viganja na si kwa kucha. Suuza ikatakate. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, malizia kwa jagi la maji baridi yasiyo na chumvi, vinginevyo ngozi hukauka na kupasuka. Kausha kwa kugusisha taulo, usisugue, na drayer iweke kando.

Ngozi ni nyeusi, mbona hawaoni wekundu waliouandika kwenye karatasi?

Karatasi nyingi ziliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu ngozi iliyochomwa na mionzi huwa nyeusi zaidi, ya zambarau au ya kijivujivu, nayo inatoa joto, inavuta na inawasha. Usisubiri wekundu. Weka mgongo wa mkono upande uliotibiwa na upande usiotibiwa. Ukihisi tofauti ya joto, sema. Wauguzi nao wakikwambia "mbona hakuna kitu", waombe waguse.

Nipake nini?

Losheni au krimu nyepesi isiyo na manukato, tabaka jembamba mara mbili kwa siku, kwenye ngozi isiyochubuka. Wengi hukatazwa kupaka chochote kabla ya kupanda kitandani. Tabaka jembamba haliongezi mionzi. Linaloongeza ni tabaka nene la milimita kadhaa. Kwa hiyo kama ulipaka asubuhi usiogope, ila fuata utaratibu wa kitengo chako, na mafuta ya mgando mazito yaache hadi baada ya kipindi.

Usipake maji ya kitunguu, tangawizi, karafuu, kafuri, wala vile vichua vya mentoli, hata kama jirani ameapa vinaotesha. Kwenye ngozi ya mionzi vinaunguza. Alovera haidhuru wengi, lakini majaribio hayajaonyesha kwamba inazuia madhara. Kuwasha kukizidi, daktari anaweza kukupa krimu ya steroidi. Hiyo si ya kununua dukani kwa kukisia.

Pale panapochubuka, hasa nyuma ya sikio na kisogoni penye mkunjo, acha krimu. Osha kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, funika kwa kitambaa kisichonata, na usibandike plasta kwenye ngozi hiyo. Helmeti ya bodaboda inayogusa hapo ni msasa. Panda daladala wiki hizo.

Ni dalili gani nisizingoje?

Usaha, harufu, maumivu yanayozidi baada ya kuwa yamepungua, au homa ya nyuzi 38 na zaidi kwa anayetumia dawa za saratani: nenda siku hiyohiyo.

Nyingine inasahaulika sana. Wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo wapo kwenye dawa za kifafa, na fenitoini ni ya kawaida kwetu. Kwa wachache, fenitoini pamoja na mionzi ya kichwa huleta upele unaoanzia palepale panapotibiwa kisha unashuka usoni na kifuani, ukifuatana na vidonda vya mdomo au macho mekundu. Hiyo si ngozi ya mionzi. Ni hatari kwa maisha, kimbia hospitali usiku huohuo na dawa zako mkononi. Usiache dawa ya kifafa mwenyewe nyumbani; daktari ataibadilisha kwa nyingine.

Jua je?

Ngozi iliyopigwa mionzi haina tena kinga yake ya awali, na haiirudishi yote. Kofia pama, kilemba cha pamba au kanga iliyokunjwa mara mbili. Barakashia inafunika utosi lakini inaacha kisogo na masikio. Panapobaki wazi paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, baada ya ngozi kupona. Usilegeze mwaka ukipita. Kipara cha kudumu kina hatari ya saratani ya ngozi miaka mingi baadaye, na kwa mtu mwenye ualbino hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo kichwa chake kikaguliwe kila miezi michache. Kidonda kwenye eneo la zamani la mionzi kisichopona ndani ya wiki nne kionwe na daktari.

Mtoto wangu alitibiwa kisogo. Ataota?

Kwa uvimbe wa ubongo wa nyuma unaoitwa medulloblastoma, ubongo wote na uti wa mgongo hupata grei 23.4 au 36, kisha eneo la uvimbe huongezwa hadi kufikia 54 hivi. Ndiyo maana watoto hawa hurudisha nywele za mbele na juu, kisogo kikabaki chepesi. Mwambie mwalimu wake mapema kuhusu kofia, kabla watoto wenzake hawajaitoa kichwani.

Kuna dawa ya kuotesha zilizogoma?

Minoksidili ya asilimia 5 ya kupaka ndiyo yenye ushahidi wa maana. Katika ule utafiti wa 2020, wagonjwa 34 waliitumia, 28 wakapata nafuu ya kiasi fulani. Nusu yao walifuatiliwa kwa zaidi ya mwaka, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiitukuze. Huamsha mizizi iliyochoka. Kishimo kilichojaa kovu hakiamshi. Anza ngozi ikishapona kabisa na daktari wako akijua, hasa kama una presha au moyo. Kupandikiza nywele kunawezekana kwa kipara kidogo, baada ya mwaka au zaidi, ila ngozi yenye makovu ina damu kidogo na nywele zilizopandikizwa hushika chache. Mwambie mpandikizaji kwamba palipigwa mionzi kabla hajashika sindano.

Lini naweza kusuka, kuweka dawa au kuvaa wigi?

Wigi, mara ngozi inapofunga, lenye kitambaa cha pamba ndani, bila gundi wala mkanda wa kunata. Kusuka kusubiri nywele mpya zishike, miezi sita tangu kumaliza kwa uchache, na iwe mitindo isiyovuta: nywele za pembezoni mwa kipara ndizo dhaifu kuliko zote, na rasta zito litakung'olea zile zilizojitahidi kurudi. Dawa ya kulainisha, rangi na kitana cha moto vingoje hadi ngozi isiwe na joto, kuvuta wala magamba, na ujaribu kwanza kwenye nywele chache za upande ambao haukutibiwa. Ukienda saluni, mwonyeshe msusi mahali penyewe kwa kidole kabla hajaanza.